Barua ya kumweleza mteja ulichobadilisha kwenye skripti: ufuate mistari, hitilafu au matokeo?

Skripti ya mteja umeiandika upya, umeijaribu, inafanya kazi. Imebaki barua ya kumweleza ulichobadilisha na kwa nini. Hapo wengi wetu hukwama, kwa sababu mabadiliko yaleyale yanaweza kupangwa kwa njia tatu, na kila njia humwonyesha mteja kitu tofauti. Unaweza kuifuata skripti yenyewe kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Unaweza kuanza na hitilafu, halafu chini ya kila hitilafu ukataja ulichogusa. Au unaweza kuiweka skripti pembeni na kumpa mteja jedwali: jana ilikuwa hivi, kuanzia leo itakuwa hivi.

Nimewahi kutuma barua za aina zote tatu, na kila moja imewahi kunisaidia na kuniponza. Ili ulinganisho usielee hewani, nitatumia skripti moja fupi kwa barua zote.

## Skripti tunayoizungumzia

Ni skripti ya nakala rudufu. Kila siku saa nane usiku inachukua hifadhidata iitwayo `duka`, inaibana na kuiweka kwenye diski ya pili. Ilikuwa hivi:

```bash
#!/bin/bash
cd /data/nakala
mysqldump -u root -pSiri123 duka | gzip > duka-$(date +%a).sql.gz
find . -type f -mtime +7 -delete
```

Kwenye crontab iliitwa na mstari huu:

```
0 2 * * * /root/nakala.sh >/dev/null 2>&1
```

Baada ya kuandikwa upya ikawa hivi, na ile sehemu ya `>/dev/null 2>&1` ikaondolewa kwenye crontab:

```bash
#!/bin/bash
set -euo pipefail
cd /data/nakala
leo="duka-$(date +%F).sql.gz"
mysqldump duka | gzip > "$leo.sehemu"
mv "$leo.sehemu" "$leo"
find . -type f -name 'duka-*.sql.gz' -mtime +13 -delete
```

Jina la mtumiaji na nywila vimehamia kwenye faili `/root/.my.cnf` lenye ruhusa 600, yaani mwenye nalo peke yake ndiye anayelisoma.

Skripti ya zamani ilikuwa na mistari minne tu na ilifanya kazi kila siku ambayo hakuna kilichoharibika. Hiyo ndiyo tabu ya kumwandikia mteja wa namna hii: kwa macho yake, ulikuta kitu kizima.

## Vipimo vinne

Kabla ya kuchagua aina ya barua, jiulize itapimwa kwa nini. Mimi hutumia vipimo vinne.

Cha kwanza, mteja anaweza kuamua? Kuna mabadiliko yasiyohitaji ridhaa yake, na kuna yanayomgharimu kitu. Mafaili 7 yakiwa 14, nafasi ya diski inayotumika inakaribia kuwa mara mbili. Huo ni uamuzi wake, na barua inayomficha uamuzi huo katikati ya aya ya saba haijamtendea haki.

Cha pili, fundi anaweza kuhakiki? Mteja mara nyingi ana mtu wake anayeelewa mambo haya, na barua itafika kwake leo au mwakani.

Cha tatu, sababu ni sababu kweli? "Kwa usalama zaidi" si sababu. "Ndivyo inavyoshauriwa" si sababu pia. Sababu ina tukio ndani yake: jambo fulani likitokea, skripti ya zamani ilifanya hivi, mpya inafanya vile. Ukishindwa kulitaja tukio, pengine mabadiliko hayo hayakuwa na haja.

Cha nne, inakugharimu nini kuiandika, kwa sababu barua nzuri ya saa tatu kwa kazi ya saa moja ni vigumu kuitoza mteja.

## Barua inayofuata mistari

Hii ndiyo inayokuja yenyewe. Unafungua skripti mpya, unaanza juu, unashuka.

> Mstari wa 2: nimeongeza `set -euo pipefail`. Sababu: skripti isimame amri yoyote inaposhindwa, hata ile iliyo kushoto mwa alama ya `|`.
>
> Mstari wa 4: jina la faili sasa lina tarehe kamili badala ya jina la siku. Sababu: nakala ya wiki hii isiifute ya wiki iliyopita.
>
> Mstari wa 5: nywila imeondolewa kwenye amri. Sababu: ilisomeka na yeyote anayeweza kulifungua faili la skripti, na kwa muda mfupi ingeweza kuonekana kwenye orodha ya `ps` wakati amri inaanza.

Mteja anaweza kuamua? Kwa shida. Kila badiliko limepewa uzito sawa. Nywila iliyoanikwa, jina la faili na muda wa kuhifadhi vimekaa foleni moja, na msomaji asiye fundi hana pa kujua kipi kinamngoja yeye.

Fundi anaweza kuhakiki? Hapa barua hii haina mpinzani. Fundi anaweka skripti mbili kwenye `diff -u`, barua pembeni, anatia alama mstari kwa mstari. Kisichoelezwa kinajitokeza chenyewe: kuna alama ya `+` isiyo na maelezo, anauliza. Barua za aina nyingine hazina ulinzi huo.

Sababu ni sababu kweli? Inategemea mkono wako, lakini mpangilio wenyewe una mitego miwili ambayo sikuiona mpaka iliponinasa.

Mtego wa kwanza ni mstari ambao haukubadilika. Tazama `cd /data/nakala`. Herufi zake ni zilezile, kwa hiyo `diff` haina la kusema juu yake, na barua inayofuata mistari itaupita. Lakini tabia yake ndiyo iliyobadilika kuliko yote. Zamani, diski ya pili isipokuwa imeunganishwa, `cd` ilishindwa na skripti ikaendelea kama kawaida. Na kwa kuwa cron huanzia kazi kwenye saraka ya nyumbani ya mwenye kazi, skripti ilibaki ndani ya `/root`, ikaandika nakala humo, kisha `find` ikafuta humo kila faili lililofikisha siku nane, pamoja na yaliyofichwa kama `.ssh/authorized_keys`. Asubuhi ufunguo wa kuingilia seva haupo. Leo `cd` ikishindwa kila kitu kinasimama hapohapo. Badiliko hilo limeletwa na mstari wa 2, linatokea kwenye mstari wa 3, na hasara yake ilikuwa inasubiri kwenye mstari wa mwisho.

Mtego wa pili ni kilicho nje ya skripti. Crontab ni faili jingine. Ukifuata mistari ya skripti hutaifikia, na kwa kesi hii crontab ndiyo iliyoficha makosa yote.

Inakugharimu nini? Kidogo. Nusu saa inatosha, hasa kama uliandika maelezo mafupi kila ulipohifadhi badiliko.

Inamfaa nani? Mteja ambaye naye ni fundi, au kampuni yenye mtu wa kukagua kazi kabla ya kuipitisha. Inafaa pia pale skripti inapoingia kwenye kumbukumbu za ukaguzi, ambako mtu atataka kujua kila mstari ulitoka wapi. Ukiiandika, ongeza mambo mawili kwa makusudi: mistari ambayo haikubadilika ila tabia yake imebadilika, na mafaili mengine uliyoyagusa.

## Barua inayoanza na hitilafu

Hapa skripti haiongozi. Unajiuliza skripti ya zamani ingemfanyia mteja nini kibaya, unaandika hitilafu hizo kwa mpangilio wa uzito, na chini ya kila moja unasema umefanya nini.

Kwa kesi yetu, hitilafu kubwa ilikuwa hii. Nilipoingia kwenye seva mara ya kwanza niliandika `ls -l` ndani ya `/data/nakala`, nikakuta mafaili saba kama yalivyotarajiwa. Lakini manne yalikuwa na ukubwa wa baiti 20. Hizo ni baiti ambazo `gzip` huandika hata ikipewa kitu kitupu kabisa: kichwa, alama ya mwisho, basi. Nywila ya hifadhidata ilikuwa imebadilishwa siku nne nyuma bila mtu kuigusa skripti. `mysqldump` ilikataliwa kila usiku, `gzip` ikabana utupu kwa mafanikio, na kwa kawaida bash huhesabu mafanikio ya mnyororo kwa amri ya mwisho. Zingepita siku tatu nyingine, na nakala zote saba zingekuwa tupu.

> Hitilafu ya 1: nakala tupu zilihesabika kuwa nakala nzima. Nywila ilikuwa ndani ya amri. Kwa hiyo kila usiku `mysqldump` ilitoa onyo `Using a password on the command line interface can be insecure`, na cron ikalituma kwa barua pepe. Ili barua hizo zikome, mstari wa crontab uliongezewa `>/dev/null 2>&1`. Kuanzia hapo onyo lilinyamaza, na makosa ya kweli yakanyamaza nalo. Nimefanya mambo matatu: nywila imehamia `/root/.my.cnf`, kwa hiyo onyo halitoki tena, crontab haizimi tena ujumbe, na `pipefail` inaifanya skripti isimame `mysqldump` inaposhindwa. Nakala sasa inaandikwa kwanza kwa jina linaloishia `.sehemu`, na inapewa jina lake halisi ikikamilika tu.

Mteja anaweza kuamua? Anaelewa, na hilo si dogo. Akimaliza aya hiyo anajua kwa nini alikulipa. Kuamua ni kitu kingine, maana barua ya hitilafu inazungumzia yaliyokuwa mabaya, na uamuzi wa mteja mara nyingi uko kwenye mambo ambayo hayakuwa mabaya. Muda wa kuhifadhi ni mfano. Siku saba hazikuwa kosa. Mimi ndiye niliyeona 14 ni bora. Badiliko kama hilo halina hitilafu ya kukaa chini yake, kwa hiyo ama linasahaulika ama unalibunia hitilafu, na kulibunia ni kumdanganya mteja kidogo.

Fundi anaweza kuhakiki? Anaweza, kwa njia nyingine: anaijaribu hitilafu yenyewe. Aharibu nywila kwa makusudi kwenye `.my.cnf`, aendeshe skripti kwa mkono, kisha aandike `echo $?`. Namba isiyo sifuri inamaanisha skripti imesema ukweli. Kwenye saraka kutakuwa na faili la `.sehemu`, wala hakuna faili jipya lenye jina kamili, na nakala za zamani hazijaguswa kwa sababu skripti haikufika kwenye `find`. Jaribio hilo lina thamani kuliko kusoma mistari. Linapopungukiwa ni kwenye ukamilifu: fundi hawezi kujua kama kuna badiliko uliloacha kulitaja.

Sababu ni sababu kweli? Hii ndiyo nguvu yake yote. Soma tena ile aya ya hitilafu ya kwanza. Nywila, onyo, crontab, ukimya: ni mnyororo mmoja, na katika barua ya mistari ungekatwa vipande vitatu visivyojuana. Mteja angeambiwa nywila imehamishwa "kwa usalama", na asingejua kwamba nywila hiyohiyo ndiyo iliyosababisha nakala zake nne ziwe tupu.

Ila angalia lugha. Barua ya hitilafu inasomeka haraka kama hati ya mashtaka, na aliyeandika skripti ya zamani huenda ni mteja mwenyewe au mtu wake wa karibu. Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko tunavyokitumia. "Fundi alizima ujumbe wa makosa" inamtafuta mtu. "Ujumbe wa makosa ulizimwa" inaeleza tu. Na mahali ambapo kosa lilitokea bila mkono wa mtu, kauli ya kutendeka inatosha: nakala ziliharibika, kosa lilifichika. Mimi hupitia barua nzima mara moja nikitafuta vitenzi vyenye mtu ndani yake, nikijiuliza kama huyo mtu anahitajika.

Inakugharimu nini? Zaidi ya zote. Lazima ujue kwa nini kila kitu kiliwekwa kilivyowekwa, na wakati mwingine utalazimika kukijaribu. Mfano ni `find` ya zamani. Kwa muda niliandika kwamba "ilifuta nakala zilizopitisha siku saba". Nilipokaa kufikiri nikaona haikuwahi kufuta nakala hata moja. Majina yalikuwa ya siku, yanarudiwa kila wiki, kwa hiyo hakuna faili lililofikisha umri huo. Mstari ule ulikuwa na kazi siku moja tu: siku ambayo `cd` imeshindwa na uko mahali pasipo pake. Kugundua hilo kulinichukua muda kuliko kuandika skripti mpya.

Inamfaa mteja aliyekwisha kuumia, au anayeuliza kwa nini ulibadilisha kitu kilichokuwa kikifanya kazi. Inafaa pia unapotaka kutetea ankara.

## Barua ya jana na leo

Barua ya tatu haielezi skripti wala hitilafu. Inaeleza kitakachoonekana tofauti kwa mtu anayekaa nje ya skripti.

| Jambo | Zamani | Kuanzia sasa |
|---|---|---|
| Jina la faili | `duka-Fri.sql.gz` | jina lenye mwaka, mwezi na tarehe |
| Idadi ya nakala | 7 | 14, wakati mwingine 15 |
| Nakala ikishindwa | faili tupu, kimya | hakuna faili jipya, barua pepe inatumwa |
| Nywila ikibadilishwa | irekebishwe kwenye skripti | irekebishwe kwenye `/root/.my.cnf` |
| Mafaili 7 ya zamani | yanaandikwa upya kila wiki | yatafutika yenyewe baada ya siku 14 |

Mteja anaweza kuamua? Hapa ndipo anapoweza. Kila mstari ni swali la ndiyo au hapana. Na nitasema nilivyojifunza. Wakati fulani nilituma barua ya mistari, nzuri, kamili, na mteja akajibu: sawa, asante. Wiki mbili baadaye akapiga simu: faili la Ijumaa liko wapi? Kumbe kulikuwa na mfanyakazi ambaye kila Jumamosi alinakili `duka-Fri.sql.gz` kwenda kwenye diski anayoiondoa ofisini. Mimi nililitaja badiliko la jina. Lilikuwa mstari wa 4. Hakuna aliyeliona, kwa sababu lilikuwa badiliko la msimbo na wala si habari ya Ijumaa. Lingekuwa kwenye jedwali, lenye jina la faili ambalo mfanyakazi yule alilijua kwa kichwa, angelisoma kwa sekunde mbili.

Fundi anaweza kuhakiki? Nusu. Anaweza kuhesabu mafaili na kuangalia majina, lakini jedwali halimwambii ni mstari upi unaofanya kazi hiyo. Na pale panapohitaji maelezo kidogo, jedwali halina nafasi. Kwa nini "14, wakati mwingine 15"? Kwa sababu `-mtime +13` huhesabu siku kamili za saa 24. Usiku ambao `mysqldump` imemaliza mapema kidogo kuliko ilivyomaliza wiki mbili zilizopita, faili la zamani linakuwa limepungukiwa na sekunde kadhaa kufikisha siku 14, na linabaki hadi kesho yake. Usipoliandika mahali, mteja atahesabu 15 na kudhani kuna kosa.

Sababu ni sababu kweli? Hazimo. Jedwali linasema nini, halisemi kwa nini. Unaweza kuongeza safu ya nne ya "sababu", wengi hufanya hivyo, lakini kisanduku kidogo hukuvuta kwenye yale maneno mafupi yasiyobeba kitu: usalama, uhakika, ufanisi. Ninapoona safu hiyo imejaa maneno ya neno mojamoja najua imeandikwa ili ijae.

Inakugharimu nini? Kuandika ni dakika ishirini. Kufikiri ndiko kunakochukua muda, kwa sababu huwezi kulijaza jedwali kwa kutazama `diff`. Unajiuliza: nani anagusa matokeo ya skripti hii? Nani anasoma faili lake, nani anapokea barua pepe yake, ni programu gani nyingine inalitafuta jina lile? Mengine huwezi kuyajua peke yako, na hapo jedwali linakuwa swali kwa mteja: je, kuna anayetumia majina haya?

Inamfaa mteja asiyesoma msimbo na asiyetaka kuusoma, na kazi ambayo haijawashwa bado, inayosubiri ridhaa.

## Kitu kimoja ambacho zote huacha

Hakuna hata moja kati ya hizi tatu inayokulazimisha kusema usichofanya, kwa hiyo kiandike mwenyewe kwa kichwa chake. Kwa kesi hii mimi niliweka mistari mitatu chini ya "Ambayo hayakuguswa": skripti inathibitisha kwamba `mysqldump` ilimaliza bila kosa, haithibitishi kwamba nakala inarejesheka, jaribio la kurejesha halikuwa sehemu ya kazi, mafaili ya `.sehemu` yanayobaki usiku wa kushindwa hayafutwi na skripti, yafutwe kwa mkono baada ya kosa kueleweka, na barua pepe ya makosa itafika tu iwapo seva yenyewe inaweza kutuma barua pepe na anwani iliyo kwenye `MAILTO` inasomwa na mtu.

Huo wa mwisho ndio ninaougombania. Skripti inayonyamaza ikifanikiwa na kupiga kelele ikishindwa ni nzuri mradi kuna anayesikia. Kama hakuna, ukimya wa skripti mpya haujatofautiana na ukimya wa ile ya zamani.

## Uchague ipi

Kama mteja ana fundi wake na kazi itakaguliwa kabla ya kupitishwa, andika inayofuata mistari, na uanze na aya moja ya mambo ambayo `diff` haitayaonyesha.

Kama kuna kilichokwisha kuharibika, nakala zimepotea au ripoti imetoka na namba za uongo, anza na hitilafu. Mteja wa namna hiyo hataki orodha, anataka kujua kilichompata. Mabadiliko yasiyotokana na hitilafu yaweke mwishoni chini ya kichwa chake, useme wazi kwamba hayo ni mapendekezo yako na yanaweza kurudishwa.

Kama mteja si fundi na skripti mpya bado haijawashwa, tuma jedwali peke yake, ukurasa mmoja, na uombe ajibu mstari kwa mstari. Usiwashe kabla hajajibu mstari wa jina la faili.

Kama wasomaji ni wawili, mwenye biashara na fundi wake, kuchanganya kunakubalika: jedwali mbele, mistari kama kiambatisho. Ila usiweke yote matatu kwenye barua moja. Nilishajaribu, ilifika kurasa sita na kila mmoja alidhani sehemu ya muhimu ni ya mwenzake.

Na kama skripti ya zamani iliandikwa na mteja mwenyewe, hapo mimi hutanguliza jedwali hata kama naye ni fundi. Barua inaanza na `YAH: MABADILIKO YA SKRIPTI YA NAKALA RUDUFU`, jedwali linafuata, kisha sentensi moja ya hitilafu iliyokuwa nzito kuliko zote, pamoja na jaribio analoweza kulifanya mwenyewe kwenye seva yake. Akiliona lile faili la baiti 20 kwa macho yake, sababu zilizobaki atakuuliza kwa simu.